Saa ya kuungaunga: kuikagua Seiko 6309 ya kupiga mbizi kwa picha kabla hujatuma hela

Seiko 6309-7040 na ndugu yake 6309-7049 zilitengenezwa kuanzia 1976 hadi 1988. Ni saa za kupiga mbizi zenye bodi, yaani ganda la chuma, nene ya mviringo uliotanuka kama mto wa kulalia, ufunguo wa pembeni wa kutegea saa unaofungwa kwa nyuzi, na dirisha la siku na tarehe. Zilitoka nyingi, zikavaliwa kweli, zikaingia maji, zikapelekwa kwa fundi, na spea za kopi zikajaa sokoni. Kwa hiyo kati ya zile zinazotangazwa mtandaoni leo, nyingi ni za kuungaunga: bodi ya saa moja, mashine ya nyingine, uso na mishale ya kopi iliyotengenezwa juzi.

Saa ya kuungaunga si lazima iwe mbovu. Inaweza kukupa saa sahihi miaka kumi. Ubaya ni kuuziwa kwa bei ya saa ambayo vipande vyake vyote vilitoka kiwandani pamoja. Mwongozo huu unahusu namna ya kutofautisha hizo mbili ukiwa na picha tu.

Neno moja la tahadhari: hapa tukisema "namba 4" au "namba 12" tunamaanisha mahali hapo kwenye uso wa saa, si saa kumi wala saa sita za kwetu.

Hatua ya 1: Omba picha saba, si tatu

Muuzaji anayeficha jambo hupenda picha tatu za mbele zilizopigwa juani, kioo kikimeta. Mwombe hizi:

1. Mbele, saa imelala, simu juu yake moja kwa moja, kivulini karibu na dirisha, bila flashi.
2. Ukingo wa chini wa uso, pale chini ya namba 6, kwa karibu, saa ikiwa imeinamishwa kidogo.
3. Dirisha la siku na tarehe kwa karibu.
4. Gizani, baada ya kumulikwa kwa tochi.
5. Mfuniko wa nyuma kwa nje.
6. Mashine, mfuniko ukiwa umefunguliwa, na mfuniko wenyewe pembeni kwenye picha hiyohiyo.
7. Ubavu wa bodi na sehemu ya juu karibu na mkanda.

Mwambie pia asogeze mishale mahali utakapochagua wewe, tuseme mrefu kwenye 4 na mfupi kwenye 8. Hilo linakuhakikishia mambo mawili: saa iko mkononi mwake, hakuiba picha za mtu, na mishale haifuniki maandishi yaliyo chini ya uso.

Mfuniko wa saa hii ni wa nyuzi. Fundi saa yeyote mwenye kifaa cha meno matatu huufungua kwa dakika moja, na wengine hutumia mpira wa kushika tu. Muuzaji akisema haiwezekani kufunguliwa, si kweli. Akisema hataki kwa kuwa mpira wa kuzuia maji utaharibika, ana hoja kidogo, lakini mpira wa saa ya miaka arobaini unapaswa kubadilishwa hata hivyo.

Hatua ya 2: Soma mfuniko, lakini usiuamini peke yake

Nyuma kuna mambo mawili ya kusoma. La kwanza ni namba yenye sehemu mbili, 6309-7040 au 6309-7049. Tarakimu nne za mwanzo ni aina ya mashine, nne za mwisho ni aina ya bodi. La pili ni namba ya mfululizo yenye alama sita, tarakimu au herufi. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, O au 0 ni Oktoba, N ni Novemba, D ni Desemba.

Kwa hiyo namba inayoanza na 0N ni Novemba 1980. Inayoanza na 7 ina utata, kwa sababu inaweza kuwa 1977 au 1987, vilevile 6 na 8. Muuzaji anayeapa kuwa ni ya 1977 bila ushahidi mwingine amechagua tu mwaka unaompendeza.

Hapa ndipo wengi hujikwaa: namba hiyo ni umri wa mfuniko, basi. Haimo kwenye mashine wala kwenye uso. Kwa saa za Omega za miaka ya 1960, namba ya mfululizo imechongwa kwenye mashine yenyewe, kwa hiyo mashine ina cheti chake cha kuzaliwa. Seiko hii haina. Mfuniko mmoja mzuri ukiokotwa kwenye saa iliyokufa unaweza kufungwa kwenye bodi yoyote ya aina hiyo, na kila kitu kikaonekana kina tarehe.

Hatua ya 3: Dirisha la tarehe, shahidi asiyefundishwa

Tungelazimika kuchagua picha moja tu, tungechagua hii, na ni ajabu jinsi watu wanavyoiruka.

Kwenye saa nyingi za kawaida ufunguo uko usawa wa namba 3, na dirisha la tarehe liko hapohapo. Kwenye 6309 ya kupiga mbizi ufunguo umeshushwa karibu na namba 4 ili usichome mgongo wa mkono, lakini dirisha limebaki namba 3. Maana yake mashine nzima imezungushwa ndani ya bodi. Ili tarehe isomeke wima dirishani, kiwanda kilichapa tarakimu na majina ya siku kwenye gurudumu kwa mwinamo unaofuta mzunguko huo.

Sasa, mashine ya 6309 haikuwekwa kwenye saa za kupiga mbizi peke yake. Iliwekwa pia kwenye Seiko nyingi za kuvaa ofisini na kanisani, zenye ufunguo namba 3, na hizo zinauzwa bei ya chini sana. Fundi anayetaka mashine nzima hununua mojawapo, anaichomoa, anaipachika kwenye bodi ya mbizi. Mashine inakaa vizuri na inatembea vizuri. Lakini asipohamisha gurudumu la siku na la tarehe kutoka mashine ya zamani, maandishi dirishani yatalala upande, kwa digrii zaidi ya 20. Inaonekana kama mtu aliyeinamisha shingo.

Kwa hiyo tazama dirisha moja kwa moja. Tarakimu zimesimama? Ukingo wa chini wa neno la siku uko sambamba na ukingo wa chini wa dirisha? Kama zimelala, mjadala umekwisha: mashine au magurudumu hayo yalizaliwa kwenye saa nyingine. Kama zimesimama, hujapata uthibitisho, umepata tu kutopata kosa. Muuzaji akikutumia picha ambayo kila mara dirisha liko katikati ya siku mbili, au mshale umelifunika, mwombe tena.

Uso nao una hadithi kama hiyo. Nyuma ya kila uso kuna miguu miwili midogo inayoingia kwenye mashimo ya mashine. Uso uliotengenezwa kwa saa ya ufunguo namba 3 una miguu mahali tofauti, na ukitaka kuulazimisha unakata miguu na kuubandika kwa gundi au plasta ya pande mbili. Uso wa namna hiyo huteleza. Tazama alama ya namba 12 ilivyokaa dhidi ya alama za dakika kwenye pete ya ndani inayouzunguka uso. Ikipotoka kidogo, na ya 6 ikapotoka kwa upande uleule wa mzunguko, uso umezunguka. Lakini usihukumu haraka, kwa maana pete ya ndani nayo huweza kupotoka ikirudishwa vibaya baada ya kubadilishwa kioo. Ndiyo maana unalinganisha pia na dirisha: kama tarehe imekaa sawasawa katikati ya dirisha, aliyepotoka ni pete.

Hatua ya 4: Maandishi ya uso

Chini kabisa ya uso, karibu na ukingo, kuna maandishi madogo mno. Uso halisi una namba inayoanza na 6309, kisha kundi la pili linaloanza na 70. Kundi hilo si lazima lifanane herufi kwa herufi na namba ya mfuniko, kwa hiyo usishtuke likitofautiana mwishoni. Shtuka likianza na namba ya mashine nyingine, au likiwa halipo kabisa.

Wenye kutengeneza kopi wanajua hilo, nao huchapa namba. Wanachoshindwa ni wembamba wa wino. Kuza picha ya pili uone: kwenye uso halisi herufi ni nyembamba, kingo zake ni kali, na nafasi kati yake ni sawa. Kwenye kopi wino ni mnene, matumbo ya 6, 0 na 9 yamezibika, na mstari hupanda au kushuka.

Soma pia maneno WATER 150m RESIST. Seiko za mbizi za kizazi kilichotangulia ziliandikwa PROOF mwanzoni, kisha neno likabadilishwa kuwa RESIST kabla 6309 haijatoka. Uso wa 6309 wenye PROOF umetungwa na mtu asiyejua historia.

Hatua ya 5: Rangi ya kung'aa gizani

Rangi iliyopakwa kwenye nukta za saa na mishale ya 6309 imechoka. Mulika kwa tochi sekunde kumi, zima taa, utaona mwanga hafifu unaozimika upesi, mara nyingi ndani ya dakika moja. Rangi za kisasa, zile zilizoenea kuanzia miaka ya 1990, hung'aa kijani kikali na kuendelea kwa saa nyingi. Kwa hiyo uso wa 1980 unaowaka kama taa ya msikiti ni uso mpya au umepakwa upya.

Shida ni kamera. Simu za leo zikiwa gizani huacha jicho wazi sekunde tatu au zaidi, na hata rangi iliyokaribia kufa huonekana inawaka. Kwa hiyo usipime ukali wa mwanga, pima tofauti ndani ya picha moja. Mwombe muuzaji apige mara mbili bila kugusa mipangilio: mara moja tu baada ya kuzima tochi, na nyingine baada ya sekunde 60. Kisha jiulize: nukta za uso na mishale zimefifia pamoja? Zote zilipakwa enzi moja, zimeona jua lilelile, zinapaswa kuchoka pamoja. Mishale ikibaki inawaka wakati uso umezimika, mishale ni mipya. Ikiwa kinyume, uso ndio mgeni.

Pete ya juu inayozunguka ina kitone chake cha kung'aa. Hicho hudondoka na kubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo kikiwa kipya ni dhambi ndogo. Usikitumie kuhukumu saa nzima.

Ukiwa na saa mkononi, tochi ya zambarau ya kukagulia noti, ile iliyo kwenye vibanda vingi vya kutuma pesa, inafanya kazi nzuri zaidi. Rangi mpya huruka mara moja kwa mwanga mkali. Ya zamani huitikia kwa uvivu, au haiitikii.

Kisha tazama rangi mchana. Uzee halisi huleta rangi ya maziwa yaliyoiva au pembe, na hauko sawa kila mahali: nukta moja imekolea, nyingine ina kidoa, na palipoingia unyevu pamekuwa peusi. Kuna watu hupaka rangi mpya iliyochanganywa na kahawia ili ionekane kongwe. Hao wananaswa kwa njia rahisi: mchana rangi ni ya babu, usiku mwanga ni wa mjukuu. Kingo nazo husema. Rangi ya kiwandani imekaa ndani ya duara lake kama tone lenye uso laini. Iliyopakwa kwa mkono ina vinundu na humwagika nje ya mstari.

Kwa saa za Uswisi za miaka ya 1960 kanuni ni hiyohiyo kwa sababu nyingine. Herufi T pembeni mwa SWISS chini ya uso inaonyesha tritiamu, ambayo nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12.3. Ya 1965 imebaki na chembe tu, hivyo ikiwaka sana imepakwa upya. Saa kongwe zaidi zilitumia radiamu, ambayo huchukua miaka 1,600 kupungua nusu. Mwanga wake umekufa kwa kuwa unga unaong'aa umeungua, lakini mionzi bado ipo palepale. Uso wa namna hiyo usiufungue na kuukwangua nyumbani.

Hatua ya 6: Mashine

Tafuta namba iliyochongwa kwenye chuma cha mashine karibu na gurudumu la mizani, lile linalokwenda na kurudi. Inapaswa kuwa 6309A. Kwenye rota, ule uzito wa nusu duara unaozunguka, utasoma idadi ya vito, vile vijiwe vya kupunguza msuguano: 17. Namba ya kwenye chuma ndiyo ya kuamini, kwa sababu rota hutolewa kwa skrubu moja na kuwekewa nyingine.

Mgeni anayeonekana zaidi ni 7S26, mashine ya vito 21 iliyoanza 1996. Inaingia kwenye bodi hii bila taabu kubwa na inapokea uso na mishale ileile, ndiyo maana mafundi huipenda. Ni mashine imara. Lakini saa ya 1980 haiwezi kuzaliwa na mashine ya 1996, hata muuzaji aseme nini.

Baada ya namba, tazama kutu. Vipande vilivyokaa nyumba moja huzeeka pamoja. Mashine yenye kutu pembezoni na mfuniko wenye mistari ya kutu kwenye nyuzi maana yake maji yaliingia. Maji yakiingia, uso huvimba, rangi ya kung'aa hugeuka nyeusi, mishale huota madoa. Ukiona mashine iliyoliwa na kutu chini ya uso unaong'aa kama kiatu cha harusi, ujue uso ulifika baada ya mafuriko.

Hatua ya 7: Bodi

Sehemu ya juu ya bodi ilipigwa brashi yenye mistari myembamba, ubavu ukang'arishwa, na kati ya hizo mbili kuna ukingo mkali. Ukingo huo ukiwa mviringo kama sabuni iliyotumika, bodi imepelekwa kwenye mashine ya kung'arishia. Chuma kilichoondoka hakirudi. Tazama pia nyuma: namba za mfuniko zikiwa zimefifia wakati bodi inametameta, kuna mmoja aliyesuguliwa na mwingine aliyeachwa, au hawakukutana mapema.

Mfano mmoja hadi mwisho

Tuseme tangazo linasema: "Seiko 6309-7040 ya 1980, halisi yote." Mfuniko unaanza na 0N, kwa hiyo Novemba 1980, na maelezo yanaungana hapo. Ukingo wa bodi bado mkali, brashi ipo. Picha ya mbele inaonyesha nukta nyeupe pe, na mishale yenye rangi ya pembe. Hapo tayari kuna wawili wa umri tofauti.

Unaomba picha za giza. Ya kwanza, vyote vinawaka. Baada ya sekunde 60, mishale imezimika, uso bado kijani. Uso ndio mgeni. Ukingo wa chini una namba, lakini matumbo ya 6 na 9 yamejaa wino. Uso wa kopi.

Dirisha: neno la siku linainama. Kwa hiyo magurudumu, na pengine mashine, yametoka kwenye saa ya ufunguo namba 3. Picha ya mashine inaonyesha 6309A, vito 17, safi bila kutu, ilhali nyuzi za mfuniko zina kutu ya kahawia. Sasa picha imekamilika: saa ilizama, mashine na uso vikafa, fundi akaleta mashine ya saa ya ofisini iliyo nzima, akaweka uso wa kopi, akarudisha mishale ya zamani kwa kuwa ilikuwa bado inafaa.

Vilivyo halisi ni bodi, mfuniko na yumkini mishale. Mashine ni ya aina sahihi, na mwinamo wa tarehe unarekebishika kwa kutafuta magurudumu ya saa ya mbizi. Uso halisi ndio utakaokugharimu, kwa sababu nyuso nzuri ni chache na wenye nazo wanajua thamani yake. Kwa hiyo hesabu yako iwe bei ya saa iliyo halisi yote, toa bei ya uso halisi uliotafuta mwenyewe ukajua unauzwa ngapi, toa na kazi ya fundi ya kufungua, kusafisha na kubadilisha mipira yote. Picha hazikuambii kama bodi bado inazuia maji, wala kama nyuzi za ufunguo zimelika, kwa hiyo usiipeleke baharini hadi ipimwe kwa mgandamizo.

Mtumie muuzaji bei hiyo pamoja na picha ya dirisha lake mwenyewe, ukiwa umechora mstari mmoja mnyoofu chini ya neno la siku.